Muhuri na Daftari

Kabla ya kuliuza gari langu niliambiwa nilitafutie muhuri. Aliyeniambia ni fundi mmoja wa mjini, mtu mchangamfu na hodari wa kazi yake, ambaye alikuwa amenibadilishia bushi za mbele asubuhi ile. Nilimweleza kwamba kijana wa jirani yangu huku Nyakatuntu anataka kulinunua ili abebe abiria, kwamba mama yake anauza kahawa ya msimu mzima kumsaidia, na kwamba sina cha kuwaonyesha kuhusu miaka tisa niliyokaa nalo isipokuwa daftari la shule. Fundi akacheka. Akafungua droo akatoa kitabu kipya cha sevisi, kitupu, chenye vyumba vya tarehe, kilometa na muhuri. "Mwalimu, kazi uliifanya," akasema. "Unachokosa ni karatasi tu. Elfu ishirini, tunakaa hapa nusu saa, tunajaza."

Nakiri kwamba sikuona ubaya. Oili nilibadilisha kweli. Filta nilinunua kweli. Kama jambo lilifanyika, kuna kosa gani kuliandika leo?

Ili nieleze kwa nini swali hilo lilinisumbua, lazima kwanza niseme juu ya kitabu kingine, kile kilichokuja na gari lenyewe kutoka Japani.

Nililinunua mwaka 2014 katika yadi moja ya Dar es Salaam. Ni Toyota IST ya mwaka 2004. Ndani ya kabati la dashibodi, chini ya kitambaa cha kufutia kioo, kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye kitabu cha matunzo na karatasi kubwa tatu zilizokunjwa, zote za Kijapani, kila moja ikiwa na muhuri mwekundu. Magari mengi yanayofika kwetu hupoteza kitabu hiki njiani. Mwingine hukitoa makusudi kwa sababu kinataja kilometa. Kwa hiyo ukikikuta, tayari umepata kitu.

Mtu aliyewahi kufanya kazi yadi ndiye aliyenifundisha kukisoma, na haikuhitaji kujua Kijapani. Kwanza ni miaka. Wajapani huandika mwaka kwa enzi ya mfalme wao. Ukiona H au maandishi ya Heisei, ongeza 1988 kwenye namba inayofuata: H19 ni 2007. Enzi hiyo iliisha Aprili 2019, na iliyofuata ni Reiwa, ambayo huongezewa 2018. Anayeona 19 akadhani ni 2019 atakuwa amelifanya gari kuwa jipya kwa miaka kumi na miwili.

Pili ni alama. Hapa mimi, mwalimu wa shule ya msingi niliyesahihisha madaftari miaka yote ile, nilipotea vibaya. Kwenye kila karatasi, mbele ya mstari wa maji ya breki, palikuwa na X. Mbele ya oili ya injini, X. Nikajisemea: gari limefeli. Kumbe katika fomu zile X maana yake kimebadilishwa kipya. Alama inayofanana na vema yetu maana yake kimekaguliwa na kiko sawa. A ni kurekebishwa, C kusafishwa, T kukazwa. Kwa hiyo karatasi yenye X mahali panapostahili ndiyo karatasi nzuri, na yenye vema tupu kutoka juu hadi chini inatakiwa ikutie wasiwasi kidogo, hasa kwa gari lenye umri.

Tatu, na hii ndiyo muhimu, ni namba zilizoandikwa kwa mkono. Gari dogo la binafsi kule hukaguliwa na serikali mara ya kwanza likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Karatasi zangu zilikuwa za mwaka 2007, 2009 na 2011. Kilometa zilisoma 19,840, kisha 31,260, kisha 45,070. Hati ya kutoa gari nchini, ambayo nayo hutaja kilometa, ilisema 52,600, na geji yangu ilipowashwa yadi ilisoma kumi zaidi. Namba zinapanda, na zinapanda kwa mwendo mmoja, wa mtu anayekwenda sokoni na kazini. Hakuna aliyezirudisha nyuma. Nikafurahi, nikalipa.

Lakini fomu zile zina sehemu nyingine chini, inayoandika unene wa pedi za breki kwa milimita. Pedi mpya za mbele huwa na karibu milimita kumi. Mwaka 2007 zilikuwa 8. Mwaka 2009 zilikuwa 6. Mwaka 2011, baada ya kilometa 13,810 nyingine, zilikuwa 6. Kina cha mistari ya matairi kilikuwa 5 mwaka 2009, na 5 tena mwaka 2011, matairi yote manne.

Sikuliona hilo siku ya kununua. Niliona muhuri. Nililiona miezi miwili baadaye, baada ya fundi wangu wa hapa kijijini kufungua gurudumu la mbele kwa sababu ya mlio na kunionyesha pedi zilizobaki milimita mbili na nusu. Nikaleta karatasi, tukakaa kwenye benchi tukapiga hesabu. Ikiwa kilometa elfu kumi na moja na ushei zilikula milimita mbili kati ya 2007 na 2009, basi kilometa elfu ishirini na moja toka 2009 hadi ninalichukua zilipaswa kula karibu nne. Sita toa nne, mbili na ushei. Pedi zilikuwa zinasema kweli. Karatasi ya 2011 ndiyo iliyosema uongo: mtu alichukua ya 2009, akanakili, akagonga muhuri. Nilihakikisha kwa kutafuta X kwenye mstari wa pedi, pengine ziliwekwa nyingine. Palikuwa na vema.

Muhuri ulikuwa halali. Tarehe halali. Gari lilikuwepo gereji siku ile, kwa maana kilometa ziliandikwa upya. Ila hakuna aliyefungua gurudumu.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia watu wanaoniomba niwasomee vitabu vyao, na huku Kyerwa wako kadhaa, kwamba muhuri husema jambo dogo kuliko tunavyodhani. Ni kama muhuri wa mtendaji wa kijiji kwenye karatasi ya mauziano ya shamba. Unasema: nimewaona hawa wawili wakisaini mbele yangu. Hausemi kwamba shamba halina mgogoro, wala kwamba mpaka unapita kwenye ule mrumba na si mbele yake. Anayenunua shamba kwa kuangalia muhuri peke yake, siku ya mgogoro atajua alinunua nini. Vivyo hivyo muhuri wa gereji unathibitisha kuwapo. Matunzo lazima uyatafute kwenye namba, na namba lazima uzilinganishe na kitu kisichoweza kusema uongo: pedi, tairi, mfuniko wa oili.

Tairi lina tarimu nne ubavuni, wiki na mwaka, kwa mfano 3508, wiki ya thelathini na tano ya mwaka 2008. Gari linalodai kilometa elfu thelathini toka kiwandani huku limekwisha kubadilisha matairi mara mbili, liulize maswali. Mfuniko wa oili ukiufungua injini ikiwa imepoa, ukageuza chini yake, ukakuta utando mzito mweusi kama lami, basi haidhuru kitabu kina mihuri mingapi. Kuna wakati oili haikubadilishwa kwa zamu yake.

Na mihuri ya kwetu husomwa vivyo hivyo. Niliwahi kuletewa kitabu cha gari lingine, chenye mihuri ya gereji moja tangu 2009, safi kabisa, kila baada ya kilometa 5,000 kamili, wino ule ule wa bluu. Kwenye duara la muhuri paliandikwa Wilaya ya Kyerwa. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mwaka 2009 hapakuwa na wilaya ya jina hilo duniani. Yule bwana aliyekileta alinyamaza, halafu akasema labda muhuri ulibadilishwa. Nikamwambia muhuri ulibadilishwa, ndiyo, lakini tarehe nazo ziliandikwa baada ya hapo.

Kwa hiyo, yule fundi mchangamfu alipofungua kitabu kitupu mbele yangu, mimi ndiye mtu wa wilaya nzima niliyepaswa kujua. Hata hivyo nilivuta kiti.

Nilijitetea hivi. Yule wa Kyerwa ya 2009 alidanganya kwa sababu kazi haikufanyika. Mimi kazi ilifanyika, na daftari ninalo. Tunahamisha ukweli kutoka karatasi mbaya kwenda karatasi nzuri. Fundi akashika kalamu, mimi nikafungua daftari nikaanza kumsomea. Mwezi wa tatu 2015, kilometa 60,315, oili na filta. Akaandika 60,000. Nikamwambia ni 60,315. Akasema, "Weka namba nzima, Mwalimu, inapendeza." Akaendelea: 65,000. Kwenye daftari ilikuwa 64,180.

Unaweza kusema ni jambo dogo. Lakini nilipotazama kurasa mbili zile zikiwa zimelala kando kando, zangu na zake, niliona tofauti ambayo sikuwa nimeitafutia maneno. Daftari langu lina kalamu za rangi tofauti. Ukurasa mmoja una alama ya kidole gumba chenye oili. Mara nimebadilisha baada ya kilometa 3,600, mara baada ya 4,700, kwa sababu msimu wa kahawa una safari nyingi na mvua za masika hufunga barabara. Mahali pengine nimeandika tu "eya klina, vumbi", kwa maana njia yetu wakati wa kiangazi humwagia gari udongo mwekundu, na filta ya hewa iliyotakiwa kudumu mwaka hujaa kwa miezi michache. Toyota wenyewe waliandika katika kitabu chao ratiba mbili: oili kila kilometa 15,000 au mwaka mmoja kwa matumizi ya kawaida, na nusu yake kwa matumizi magumu, barabara mbaya zikitajwa humo. Sisi hatuna ya kawaida. Mafundi wetu hawangoji hata hiyo nusu, na kwa vumbi letu wana haki.

Kila mstari katika daftari lile niliuandika nikiwa sina wa kumwonyesha. Sikujua nitauza. Niliandika ili nisisahau. Ndiyo maana unafaa kitu. Ushahidi ulioandikwa kabla hujajua utauhitaji, hauna pa kuegemea ila ukweli, au uvivu. Ule unaoandikwa siku ya kuuza, hata ukiwa na kila neno la kweli, umeandikwa na mtu mwenye sababu. Kitabu kipya kingesema kwamba tarehe 14 Machi 2015 kulikuwa na fundi mwenye muhuri aliyesimama kando ya gari hili akaona. Hakuwepo. Oili ingekuwa ya kweli na shahidi wa uongo.

Labda hata hilo ningelimeza, maana elfu ishirini nilishazitoa mfukoni. Tulifika mwaka 2019. Nikasoma: tarehe 10 Novemba, kilometa 98,420. Nikafungua ukurasa wa pili. Tarehe 21 Agosti 2020, kilometa 108,950.

Fundi akainua macho. "Hapa katikati tuweke ngapi? Moja au mbili?"

Kilometa 10,530 kwa oili moja. Mke wangu aliumwa mwaka ule, na tulikuwa tunakwenda Bukoba hospitali na kurudi, wakati mwingine mara mbili kwa wiki moja. Kila shilingi ilikuwa na jina lake. Oili ilipopungua niliongezea lita moja juu ya ile ya zamani nikaondoka. Nilijua ninachofanya. Kuongezea kunarudisha kiasi, hakuondoi uchafu: masizi, unyevu, na dawa zilizochoka ndani ya oili vinabaki na kuzidi. Masizi hayo huganda kwenye ringi za pistoni, hasa ile ya chini inayokwangua oili ukutani mwa silinda. Ringi ikishika, haikwangui tena, na oili hupanda juu ikaungua pamoja na petroli. Tangu mwaka ule gari langu linakula karibu robo lita kila kilometa elfu moja. Halitoi moshi wa kuonekana. Anayelijaribu kwa dakika kumi hatajua. Atajua atakapobeba abiria kutwa nzima, kila siku, bila kuchomoa kijiti cha oili, kwa sababu kitabu kina mihuri na gari lina afya.

"Mwalimu?" fundi akauliza. "Mbili?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba kile kitabu kipya kingekuwa cha kweli kila mahali isipokuwa mahali pamoja, na mahali hapo ndipo palipokuwa na habari ya gari zima. Nilimwachia elfu tano ya usumbufu. Hakuudhika, alirudisha kitabu kwenye droo akaniambia bei itashuka.

Bado kuna swali ambalo sijalimaliza. Kutogonga muhuri ni jambo moja. Kusema ni jingine. Ningeweza kuuza gari bila karatasi yoyote, kama wanavyouza wengine, na aliye na macho aangalie. Hakuna anayemtaka muuzaji wa mbuzi ataje usiku ambao mbuzi hakula. Nimelijadili hili na rafiki yangu mmoja, naye anasema mnunuzi mzima hulipa ili abebe hatari, ndiyo maana gari la mkononi ni rahisi kuliko la dukani. Ana hoja. Ila hoja yake inafaa kwa hatari ambayo sote wawili hatuijui. Bushi zinaweza kufa kesho, mimi na mnunuzi tuko sawa hapo. Ringi zile, ninazijua mimi peke yangu. Nikinyamaza, ninamuuzia gari na kumuuzia pia ujinga wake, kwa bei ya gari zima.

Jumamosi yake kijana akaja na mama yake. Tulikaa barazani, kahawa ikiwa imeanikwa mkekani uani. Nikawapa mfuko wa plastiki wa Kijapani, nikawaonyesha pedi za 2011 na uongo wake, kisha nikawapa daftari. Kijana alifungua kurasa harakaharaka, kama mtu anayetafuta jumla. Mama alisoma polepole, kidole kikipita kwenye tarehe. Huyu mama anatunza hesabu zake za kahawa tangu mumewe afariki, na hana haraka na namba.

Kidole kikasimama. "Mwalimu, hapa gari lilikuwa wapi?"

Nikamwambia lilikuwa njia ya Bukoba. Alikumbuka mwaka ule, alikuja kututazama na mkungu wa ndizi. Nikamweleza habari ya oili bila kupunguza, na nikachomoa kijiti tukaangalia pamoja. Nikafungua mfuniko nikampa kijana aguse utando wa chini yake. Nikamwambia akitaka kubeba abiria na gari hili, kijiti achomoe kila asubuhi kabla ya kuwasha, si kila Jumatatu, na lita moja ya akiba isikosekane nyuma ya kiti. Nikamwambia pia kwamba siku moja injini itataka kufunguliwa ringi zibadilishwe, na aanze kuweka fedha.

Nilikuwa nimetaja milioni sita na nusu. Mama akasema tano na laki tisa. Nilikaa kimya kidogo, si kwa heshima, kwa uchungu; laki sita ni fedha. Nikakubali. Tulikwenda kwa mtendaji, akatuona tukisaini, akagonga muhuri wake.

Wiki tatu baadaye kijana alisimamisha gari mbele ya nyumba yangu, abiria wanne ndani wakinung'unika. Alikuwa ametoka kubadilisha oili. Alishuka na daftari langu, ameandika chini ya mstari wangu wa mwisho tarehe na jina la oili, kwa kalamu nyekundu. Alitaka nisaini kando yake ionekane imethibitishwa.

"Mimi sikuwepo," nikamwambia. "Umesahau kilometa."

Akarudi ndani akaisoma geji kwa sauti, 134,872, na kuiandika juu ya boneti.